Msimamo Mmoja, Sababu Mbili: Insha ya Maoni Katika Mtihani wa IELTS

Dada mmoja muuguzi alinijia na matokeo matatu ya IELTS mkononi. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza, kote alikuwa amevuka 7. Kuandika kulikuwa 6, 6, na tena 6. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza linataka 7 katika stadi zile tatu na 6.5 katika kuandika, kwa hiyo safari yake ilikuwa imekwama kwenye nusu alama. "Mwalimu," akaniambia, "Kiingereza changu ndicho kinaniangusha. Nitafutie msamiati mzito mzito."

Nikamwomba aandike insha moja palepale, kwa kalamu, dakika 40. Nilipoisoma, Kiingereza chake hakikuwa kibaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba nilifika mstari wa mwisho bila kujua yeye mwenyewe anasema nini, na aya zake mbili za katikati zilikuwa zinarudia dai moja kwa maneno tofauti. Msamiati mzito usingeondoa hata moja ya kasoro hizo. Ungezifunika, na msahihishaji mzoefu huona kilichofunikwa.

Mwongozo huu unahusu insha ya aina moja tu: ile inayokutaka useme unakubali au hukubali, na kwa kiwango gani. Katika IELTS hilo ni swali la pili la kuandika. Sehemu nzima ya kuandika ni dakika 60, na inashauriwa 40 kati ya hizo uzitumie kwenye swali hili kwa sababu lina uzito mara mbili ya lile la kwanza. Unatakiwa kuandika maneno yasiyopungua 250. Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ulivyolijibu swali, mtiririko wa mawazo, msamiati, na sarufi. Viwili vya mwanzo ni suala la muundo, na ndiko nusu alama ya yule dada ilikokuwa inapotelea.

Mifano yote hapa chini nimeiweka kwa Kiswahili makusudi, ingawa mtihani utaujibu kwa Kiingereza. Hoja dhaifu ukiisoma kwa lugha uliyolelewa nayo huwezi kuitetea kwa kusingizia sarufi, inaonekana ilivyo. Jambo moja tu ulikumbuke unapohesabu urefu: Kiswahili hubana. "Hawatalipwa" ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza ni matano. Aya ya maneno 70 hapa ukiigeuza inaweza kukaribia 100.

Hatua ya kwanza: soma swali mpaka uone dai lake

Swali nililompa lilikuwa hili: *Baadhi ya watu wanaona kwamba serikali zinapaswa kutumia fedha zaidi kwenye usafiri wa umma kuliko kujenga barabara mpya. Unakubali au hukubali kwa kiwango gani?*

Tumia dakika 3 hapa, na kalamu mkononi. Kuna mambo matatu ya kupigia mstari. La kwanza ni mada, yaani uchukuzi. La pili ni dai, yaani fedha *zaidi* huku *kuliko* kule. La tatu ni agizo: unakubali kwa kiwango gani. Wengi huona mada, wakaandika juu ya mada. Dada yule aliandika insha nzuri kuhusu umuhimu wa mabasi. Lakini hakuna aliyemuuliza kama mabasi ni muhimu. Aliulizwa kama fedha ziende kwenye mabasi kabla ya barabara, na neno "barabara" lilionekana mara moja tu katika insha nzima.

Kwa hiyo jiandikie dai pembeni kwa maneno yako, kwa ufupi: *mabasi kwanza, barabara baadaye?* Kila aya utakayoandika lazima iguse pande zote mbili za swali hilo fupi.

Angalia pia usichanganye agizo hili na ndugu yake anayesema ujadili mitazamo yote miwili kisha utoe maoni yako. Yule anataka upande wa wengine uelezwe kwa kina. Huyu wa kwetu anataka wako.

Hatua ya pili: chagua upande unaoweza kuutetea

Sikusema upande unaouamini. Msahihishaji hapimi imani yako, na hakuna jibu sahihi alilolificha mezani. Jiulize upande upi una mifano unayoijua kwa macho, basi shika huo. Kama unaamini barabara zitangulie lakini kila mfano unaokujia kichwani ni wa basi, andika ukitetea basi. Nyumbani utarudi na imani yako.

Swali linapouliza "kwa kiwango gani", watu hudhani jibu la busara ni kukaa katikati. Ndipo utasikia insha ikisema upande huu una faida zake na ule nao una faida zake, kwa hiyo serikali itumie fedha kote kote. Huo si msimamo. Ni sawa na shahidi anayeulizwa mahakamani gari lilitoka wapi, akajibu lilitoka barabarani.

Kuna njia ya kukubali kwa kiwango fulani bila kuyumba, nayo ni kuwekea msimamo mpaka. Badala ya kusema "nakubali na pia sikubali", sema unakubali *wapi*, au *lini*, au *kwa nani*. Mimi na dada tulifika hapa: *nakubali kabisa kwa miji mikubwa, vijiji visivyo na barabara ni habari nyingine.* Huo ni msimamo wenye ukuta. Ndani ya ukuta unakubali bila kigugumizi, na nje yake unaeleza kwa nusu sentensi kwa nini hukuingia huko.

Hatua ya tatu: tafuta sababu mbili, uhakikishe kweli ni mbili

Kwenye karatasi yake ya kuchorea mawazo dada alikuwa ameandika sababu nne: foleni, muda unaopotea, watu wengi hawana magari, na moshi. Akataka kuzitumia zote. Katika insha ya maneno 270 hivi, ukitoa utangulizi na hitimisho unabaki na 190 au 200 ya kazi. Gawanya kwa nne, kila sababu inapata sentensi mbili au tatu: moja ya kuitaja na moja ya kuitaja tena. Gawanya kwa mbili, kila moja inapata sentensi tano au sita, na hapo ndipo kuna nafasi ya kueleza. Maelezo ya vigezo vya IELTS, ambayo yako wazi kwa umma, yanasema karibu hivyo hivyo: katika alama ya 6 mawazo makuu yapo lakini baadhi hayajaendelezwa vya kutosha, katika 7 yamepanuliwa na yana cha kuyashikilia, na msimamo unaonekana mwanzo hadi mwisho.

Tatizo linalofuata ni sababu moja kuvaa nguo mbili. Foleni na muda unaopotea ni sababu moja. Huo muda umezaliwa na foleni. Ukizigawia aya mbili, aya ya pili itakuwa mwangwi. Kipimo ninachotumia ni hiki: ifute sababu ya kwanza kabisa duniani, kisha uone kama ya pili bado inasimama. Tuseme foleni hakuna. Je, muda bado unapotea? Hapana, kwa hiyo ni sababu moja. Tuseme foleni hakuna. Je, asiye na gari bado anahitaji basi? Ndiyo. Basi hizo ni mbili.

Tukabaki na hizi: barabara mpya hujaa tena, na wakazi wengi hawana gari la kuendesha humo. Moshi tuliuacha. Si kwamba ni sababu mbaya, ila dada hakuwa na mfano wake hata mmoja aliouona kwa karibu.

Kazi yote ya hatua ya pili na ya tatu isizidi dakika 5, na ikiisha uwe na sentensi moja ya rasimu yenye "kwa sababu" mara mbili. Kama huwezi kuiandika sentensi hiyo, usianze insha. Unachokosa hapo ni wazo, na wazo haliji lenyewe katikati ya aya.

Hatua ya nne: utangulizi wa sentensi mbili

Utangulizi wake wa kwanza ulikuwa hivi:

*Tangu zamani usafiri umekuwa jambo muhimu sana katika maisha ya binadamu. Watu wengine wanaona serikali itumie fedha kwenye usafiri wa umma na wengine wanaona ijenge barabara. Insha hii itajadili suala hili kwa undani.*

"Dada, hapa unakubali au unakataa?" nikamuuliza.

"Nakubali, mwalimu. Ila nimeuficha msimamo kidogo, ili msomaji avutike mpaka mwisho."

Jibu hilo nililielewa vizuri sana, kwa sababu ndivyo na mimi nilivyofunzwa insha shuleni: uanze mbali, uzunguke, upambe kwa methali, na la moyoni ulitoe mwisho. Katika hadithi, hiyo ni sanaa. Hapa inakugharimu, maana msahihishaji anatafuta msimamo tangu aya ya kwanza, na kila sentensi anayoisoma bila kuuona inamzidishia shaka kama umejibu swali.

Sentensi ya kwanza itaje suala kwa maneno yako mwenyewe. Ukinakili maneno ya swali, yaliyonakiliwa hayahesabiwi kuwa kazi yako. Sentensi ya pili itoe msimamo na sababu zote mbili kwa mpangilio utakaoufuata:

*Miji mingi inayokua inalazimika kuchagua kama fedha zake za uchukuzi ziende kwenye barabara mpya au kwenye mabasi na treni. Kwa miji mikubwa nakubali kabisa kwamba usafiri wa umma utangulie, kwa sababu barabara mpya hujaa tena baada ya muda, na kwa sababu wakazi wengi hawana gari la kuendesha humo.*

Imetosha. Usiongeze sentensi ya kutangaza kwamba insha itajadili. Msahihishaji anajua kwamba insha itajadili.

Hatua ya tano: iendeleze sababu, usiirudie

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nataka tukae. Aya ya kwanza ya dada ilikuwa hii:

*Kwanza, usafiri wa umma ni muhimu kwa sababu unasaidia watu wengi. Watu wengi hutegemea mabasi kila siku. Bila mabasi watu wengi wangepata shida. Kwa hiyo serikali iwekeze kwenye mabasi kwa kuwa yanawafaidi wananchi wengi.*

Kuna "wengi" katika kila sentensi. Nilimpa kalamu nyekundu nikamwambia afute sentensi yoyote anayodhani ikiondoka hatutapoteza kitu. Akafuta ya pili. Akaitazama ya tatu, akaifuta. Akaitazama ya nne muda mrefu kidogo, akacheka, akaifuta nayo. Ilibaki moja. Hicho ndicho kipimo cha aya isiyoendelezwa, na unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani kwa insha yoyote uliyoandika: ukifuta sentensi na hoja haijapungua, sentensi hiyo ilikuwa marudio.

Kuendeleza ni kujibu swali ambalo msomaji mbishi angekuuliza mara tu baada ya kusoma dai lako. Swali la kwanza karibu kila mara ni "kivipi?" Ukilijibu, anauliza tena "kivipi?", na ukijibu mara mbili tatu unajikuta umefika kwenye kitu kinachoonekana: mtu, barabara, saa, shilingi. Hapo weka mfano. Kisha rudi kwenye dai la swali, uoneshe mfano umethibitisha nini.

Tulifanya hivyo kwa mdomo kabla ya kuandika. Yeye akasema barabara mpya haimalizi foleni. Kivipi, nikamwuliza, kama njia zimeongezeka? Akafikiri. "Ikishakuwa nzuri kila mtu anataka kuipita." Kila mtu nani? "Waliokuwa wanapanda basi. Na wale waliokuwa wanangoja foleni ipite ndipo watoke." Na wengine? "Wengine wananunua viwanja huko mbali, maana sasa mjini panafikika." Tazama alivyofanya: kila jibu lilikuwa dogo, la kawaida, na jipya. Hakuna lililorudia lililotangulia. Tulichofanya baadaye ni kuyapanga tu:

*Sababu ya kwanza ni kwamba kupanua barabara hakumalizi foleni, kunaiahirisha. Barabara ikishapanuliwa, safari ya gari huwa nyepesi, na wepesi huo huwavuta waliokuwa wakipanda basi au wakisubiri saa za msongamano zipite. Wengine huhamia mbali zaidi kwa kuwa sasa mjini panafikika. Magari huongezeka hivyo mpaka nafasi mpya inakwisha. Barabara ya Thika jijini Nairobi, kwa mfano, ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na njia nane, na bado asubuhi magari hukwama yakielekea mjini. Fedha kama hizo zikitumika kutenga njia ya mabasi, basi moja hubeba abiria ambao wangejaza makumi ya magari, kwa hiyo nafasi hiyo haijai upesi.*

Sentensi ya kwanza ni dai. Ya pili, ya tatu na ya nne zinajibu "kivipi", kila moja ikisukuma mbele ile iliyotangulia. Ya tano ni mfano wenye mahali na mwaka. Ya sita inarudi kwenye swali, na inagusa pande zote mbili: barabara huku, mabasi kule. Ukiifuta yoyote kati ya hizo, pengo linaonekana.

Sasa mfano. Maelekezo ya swali hukuruhusu kutumia unayoyajua au uliyoyapitia mwenyewe, lakini watu wetu hawaamini. Wanaona mfano wa maisha yao ni mdogo mno kwa mtihani wa kimataifa, kwa hiyo wanabuni utafiti: asilimia 85 ya wakazi, chuo kikuu fulani, mwaka fulani. Msahihishaji hatakwenda kuhakiki takwimu hiyo. Ila takwimu ya kubuni huwa haifanyi kazi yoyote ndani ya aya. Hutajwa na kuachwa, kwa sababu mwandishi hajui lolote zaidi juu yake. Mfano wako unaujua pande zote, kwa hiyo unaweza kuufanya uthibitishe jambo mahususi.

Dada huyu anaishi Kimara na anafanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam. Katika rasimu yake ya kwanza aya ya pili ilikuwa na mfano mmoja: *kwa mfano, wafanyakazi wengi huchelewa.* Nikamwuliza yeye mwenyewe alikuwa anatoka saa ngapi nyumbani kabla ya mabasi ya mwendokasi. Hakuhitaji kufikiri. Tukaandika:

*Hata kama foleni isingekuwepo, wakazi wengi wa mjini wangebaki na tatizo la kufika kazini, kwa kuwa hawana gari. Kwao barabara mpya ina faida ikiwa tu kuna basi la kutegemewa juu yake. Mimi ni muuguzi na ninaishi Kimara, pembezoni mwa Dar es Salaam. Kabla ya mabasi yaendayo haraka kuanza mwaka 2016, nilitoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri ili niwahi zamu ya saa moja na nusu, kwa sababu barabara ilikuwepo lakini sikuweza kukisia daladala itakaa humo muda gani. Basi lenye njia yake lilinirudishia saa nzima ya usingizi. Fedha iliyotumika hivyo ilimfikia mtu ambaye lami peke yake isingemfikia.*

Aya hii inaanza kwa "hata kama foleni isingekuwepo", na hapo ndipo kile kipimo cha hatua ya tatu kinapogeuka kuwa kiungo. Kinamwambia msahihishaji kwamba sababu hii haiegemei ile ya kwanza, na kinaziunganisha aya mbili bila kutumia yale maneno ya "pili" na "zaidi ya hayo" ambayo kila mtahiniwa ameyakariri. Maneno ya kuunganisha hayakatazwi, lakini yakisimama mwanzoni mwa kila sentensi yanasomeka kama vigingi visivyo na kamba.

Tahadhari moja juu ya mfano wa maisha yako: uwe mfupi na urudi. Sentensi mbili, tatu kwa wingi. Nimesoma aya iliyoanza na uchukuzi ikaishia kwa mjomba aliyeibiwa simu kwenye basi. Ilisisimua, lakini ilikuwa imetoka nje ya swali tangu mstari wa nne.

Hatua ya sita: hitimisho

Sentensi moja au mbili. Msimamo uleule, na ule mpaka uliouweka tangu mwanzo:

*Kwa hiyo, ingawa vijiji visivyo na barabara kabisa vina haki ya kuanza na barabara, katika miji mikubwa ningeelekeza fedha kwanza kwenye mabasi na treni, ambazo hazijai upesi na zinawafikia wasio na gari.*

Usilete sababu ya tatu hapa. Moshi ule tulioukataa hatua ya tatu utajaribu kurudi kwenye hitimisho, kwa kuwa unaona bado una dakika chache. Sababu inayotajwa mwishoni bila kuelezwa inashusha zile mbili ulizozifanyia kazi. Na usilegeze msimamo. Kuna wanaoandika insha nzima wakikubali, kisha kwa adabu wakamaliza kwa kusema pande zote zina ukweli wake. Adabu hiyo inakurudisha kule kwenye 6.

Aya hizo nne za mfano zikigeuzwa Kiingereza zinavuka maneno 300, ambayo ni zaidi ya kutosha. Ukilenga 270 hadi 300 unabaki salama na unapata muda wa kukagua. Kwenye kompyuta idadi ya maneno huonekana kwenye skrini. Kwenye karatasi, hesabu maneno ya mistari mitatu ya mwandiko wako, upate wastani wa mstari mmoja, uzidishe kwa idadi ya mistari. Fanya hesabu hiyo nyumbani, si chumba cha mtihani.

Hatua ya saba: dakika 5 za kukagua

Mgawanyo wa dakika 40 ninaowapa wanafunzi ni 3 za kusoma swali, 5 za kupanga, 27 za kuandika na 5 za kukagua. Katika hizo 5 usisome insha yote kama mtu anayefurahia kazi yake. Soma kwanza sentensi ya msimamo na sentensi ya hitimisho, moja baada ya nyingine, ukiziruka za katikati. Zinasema kitu kimoja? Kisha soma sentensi ya kwanza ya kila aya ya katikati, uone kama ni zile sababu mbili ulizoahidi, kwa mpangilio ulioahidi.

Baada ya hapo ndipo uwinde makosa ya lugha, na uwinde yale yanayotupata sisi. "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo katika Kiingereza mama wa mstari wa pili hugeuka mwanamume mstari wa tatu. Hatuna vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino, basi tunaviacha, au tunavimwaga kila mahali. Na herufi moja inayotakiwa mwishoni mwa kitenzi anapotajwa mtu mmoja wa nafsi ya tatu huanguka kila tunapokimbia. Tafuta hayo matatu tu. Dakika 5 hazitoshi kutafuta kila kitu.

Kwa anayefanya mtihani wa Kifaransa wa DELF kiwango cha B2, kama walivyo wasomaji wengi wa Bukavu na Bujumbura, mifupa ya kazi ni hiyo hiyo na kiwango cha chini ni maneno 250 pia, ila unapewa saa nzima na mara nyingi swali huvaa sura ya barua au makala. Hapo weka salamu na kichwa kama ulivyoagizwa, halafu ndani panga msimamo na sababu vilevile.

Na ikitokea muda umekuishia, umebakiwa na dakika 2 na uko katikati ya sababu ya pili, usikimbilie kumalizia mfano. Funga sentensi uliyomo kwa nukta, shuka mstari, andika hitimisho la sentensi moja lenye msimamo wako. Mfano uliokatika unapunguza kitu katika aya moja, lakini insha isiyo na hitimisho inakupunguzia kwenye swali lote.